Kukata kona ya kushoto kwa trela bila kumbana mwendesha baiskeli

Mwongozo huu niliuandaa baada ya kumfundisha dereva mpya anayeleta makontena kutoka Malaba hadi eneo la viwanda la Namanve. Unahusu kona ya kushoto, kwa sababu Uganda tunaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia. Upande ulio mbali na macho ya dereva ndio wanaopita waendesha baiskeli na watembea kwa miguu.

1. Rekebisha vioo ukiwa umekaa kitini, kabla ya safari.

2. Pima pasipoonekana. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, utingo asukume baiskeli polepole kutoka nyuma ya trela hadi mbele ya kabini, akichora chaki kila mahali unaposema humwoni. Chaki itajaa kando ya mlango wa kushoto na mbele ya bampa. Dereva wa basi achunguze pia nguzo za kioo cha mbele, ambazo huweza kumficha mtu mzima anayevuka. Napendelea kioo cha mbinuko juu ya mlango wa kushoto kuliko kamera, ambayo lenzi yake huzibwa na vumbi na matope.

3. Washa indiketa mapema na ubaki karibu na ukingo wa kushoto. Usiyumbe kwanza kulia ili kupata nafasi, kwani pengo unaloliacha kushoto bodaboda huliona kama njia aliyoachiwa. Kama kona ni nyembamba, songa mbele zaidi ndipo ukate.

4. Tazama kioo cha kushoto tena, sekunde ya mwisho kabla ya kuzungusha usukani. Hapa ndipo madereva wengi hukosea, kwa kuwa wanakuwa wametazama mara moja walipowasha indiketa, kisha wakasubiri magari yanayokuja. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa husogea takriban mita 4 kila sekunde. Kwa sekunde 3 imekwenda mita 12, karibu urefu wote wa kontena la futi 40. Aliyekuwa nyuma ya trela ulipotazama sasa yuko kando ya mlango wa kushoto, ndani ya chaki. Kwa hiyo kila ukisimama kusubiri, hata kidogo, ukaguzi wa awali umekwisha kazi: tazama kioo, kisha cha mbinuko, kisha njia unayoingia, ambako huenda mtu ameshaanza kuvuka. Anayekata kona ndiye anayeingia katika njia ya mwenzake, hivyo yeye ndiye wa kungoja.

5. Kata kwa mwendo wa mtu anayetembea. Magurudumu ya nyuma ya trela hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, yakielekea ukingo, na kabini ikishapinda kioo cha kushoto hujaa ubavu wa trela, usione magurudumu hayo. Ukimpoteza machoni mtu uliyemwona, simama, na usisogee mpaka atokee au utingo ashuke kumtafuta.