Somo: Faida ya milioni 24, na benki imebaki milioni 1

Tuchukue kampuni ndogo inayonunua dagaa wakavu Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na kuwauzia kwa mkopo wenye maduka wa mikoani. Mwaka umefungwa kwa faida ya shilingi milioni 24 baada ya kodi, lakini salio la fedha limeshuka kutoka milioni 9 hadi milioni 1. Tutaandaa taarifa ya mtiririko wa fedha ili tuone fedha ilikwenda wapi. Takwimu ni za mfano, nazo zote ni kwa mamilioni.

Hatua ya kwanza ni kuweka mizania mbili sambamba, ya mwaka jana na ya mwaka huu, na kuandika tofauti ya kila mstari. Bila mizania ya mwaka jana, kazi hii haianzi.

Hatua ya pili ni kuanza na faida, 24, kisha kurudisha uchakavu wa lori, 6, kwa kuwa uliipunguza faida ingawa hakuna aliyelipwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayofichua tatizo. Madeni ya wateja yamepanda kutoka 18 hadi 41, kwa hiyo tunatoa 23: mauzo hayo yamo ndani ya faida, lakini fedha yake bado iko mifukoni mwa wateja. Dagaa walioko ghalani wamepanda kutoka 12 hadi 21, tunatoa 9. (Hesabu ilifungwa mbalamwezi ikikaribia, wakati wanunuzi hujaza ghala kwa sababu uvuvi wa taa hupungua, hilo peke yake lisingenitisha.) Tunachodaiwa na wauzaji kimeshuka kutoka 10 hadi 8, tunatoa 2. Shughuli za biashara, basi, zimekula milioni 4.

Hatua ya nne: lori la mtumba lililipiwa 10. Mkopo mpya uliingiza 15, marejesho ya mkopo yakatoa 6, na gawio la wenye kampuni 3, hivyo ufadhili umeleta 6.

```
-4 - 10 + 6 = -8
 9 - 8 = 1
```

Jibu lisipolingana na salio la benki, mara nyingi kosa ni alama ya kujumlisha au kutoa kwenye hatua ya tatu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Sengerema: Mwalimu, kwa nini marejesho ya mkopo hayakupunguza faida?

Jibu: Ni riba tu inayopunguza faida, ndugu yangu. Kurudisha mkopo wenyewe ni kupunguza deni, si gharama, na ndiyo maana wengi hushangaa akaunti inapokauka.

Mwanachama, Magu: Je, kama benki ingemlipa muuzaji wa lori moja kwa moja?

Jibu: Fedha isingepita mikononi mwa kampuni, kwa hiyo lori na mkopo huo visingeingia kwenye taarifa hii, vingeelezwa katika maelezo ya hesabu. Ukiviingiza, jumla bado italingana, na hapo kosa ni vigumu kuliona.

Mwanachama, Ilemela: Tuanzie wapi kurekebisha?

Jibu: Kwa wateja. Ikiwa mauzo ya mwaka ni 180, yote ya mkopo, basi 41 ÷ 180 × 365 ni takriban siku 83, ilhali walikubaliana siku 30. Wangelipa kwa wakati, deni lingekuwa karibu 15, na takriban milioni 26 zingekuwa benki.