SOMO: Umekosea grupu? Kufuta ujumbe WhatsApp, muda ulionao na kinachobaki kwa mwenzako

Ijumaa moja saa mbili usiku niliandika orodha ya ambao hawajatoa mchango wa harusi ya mdogo wangu, nimpelekee mwenyekiti wa kamati faragha. Chini nikaongeza: "Hawa wawili wa mwisho ni wa kula tu." Ikaenda kwenye grupu lenyewe, na hao wawili wamo. Kwa kiwewe nikagusa Delete for me. Kwangu ujumbe ukatoweka, kwa wenzangu wote ukabaki vilevile.

Kwa hiyo somo naanzia hapo nilipokosea.

Hatua ya 1. Bonyeza ujumbe na ushikilie hadi uwe umechaguliwa. Kwenye Android gusa alama ya pipa la taka juu. Kwenye iPhone chagua Delete kwenye menyu, kisha gusa pipa.

Hatua ya 2. Soma kabla ya kugusa. Delete for everyone inafuta kwenu nyote. Delete for me inafuta kwako tu.

Hatua ya 3. Ukikosea kama mimi, angalia chini ya skrini: neno Undo linakaa kama sekunde 5. Liguse, ujumbe utarudi, uanze upya. Likishapita, huna tena cha kushika ili ukifute kwa wote. Kwenye grupu amebaki admini, maana yeye anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Admini ndiye aliyeniokoa mimi, ingawa ilibidi nimpigie simu na kujieleza.

Muda. Kitufe hiki kilipoanza mwaka 2017 ulikuwa na dakika 7 tu. Mwaka 2018 ikawa saa moja na dakika chache, na tangu Agosti 2022 ni siku mbili na saa 12 hivi, yaani saa 60. Ujumbe wangu wa Ijumaa saa mbili usiku ungefutika hadi Jumatatu saa mbili asubuhi. Baada ya hapo Delete for everyone haionekani tena kwenye chaguo, na ndivyo utakavyojua muda umekwisha.

Kinachobaki. Pale ulipokuwa ujumbe panabaki maandishi This message was deleted, kwa hiyo kila mtu anajua umefuta kitu. Aliyekujibu kwa kunukuu, maneno yako bado yamo ndani ya jibu lake. Aliye-forward au kupiga skrinshoti, nakala yake huigusi. Picha nayo ina mambo yake: kama iPhone ya mwenzako huhifadhi picha za WhatsApp kwenye Photos, inaweza kubaki humo hata soga ikiwa safi. Na ufutaji ukishindikana kwenye simu ya mtu, WhatsApp haikuambii.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Tanga: Nilifuta ikiwa bado tiki moja, simu yake imezimwa. Ataona?*
Kwa kawaida akiwasha atakuta This message was deleted, maneno hatayaona. Tiki moja maana yake haujafika kwenye simu yake, basi hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote. Usiipoteze ukiwaza.

*Mwanachama, Mombasa: Rafiki yangu alinisomea neno kwa neno nilichofuta, na anaapa hakuwa amefungua soga. Amewezaje?*
Arifa, ndugu yangu. Android kuanzia toleo la 11 ina Notification history kwenye mpangilio wa Notifications. Ukiwa umeiwasha mapema, inaweka arifa za saa 24 zilizopita, na za WhatsApp zimo. Ukifuta ujumbe, arifa kwenye skrini hubadilika, lakini historia inabaki na ile ya mwanzo. Haikupi ujumbe mrefu wote, na picha yenyewe huipati humo. Kama alikuwa hajaiwasha kabla, hakuna cha kusoma.

*Mwanachama, Dodoma: Mimi ni tarakimu moja tu nimekosea kwenye namba ya kutumia pesa. Nifute?*
Hapana, hariri. Una dakika 15 tangu kutuma: shikilia ujumbe, chagua Edit. Pembeni litatokea neno Edited. Ila kama mtu ameshaiona namba ya kwanza, mpigie, asije akatuma pesa kwa mtu mwingine.

*Mwanachama, Muscat: Telegram nayo ina saa 60?*
Haina kikomo kwenye soga ya watu wawili. Unaweza kufuta hata ujumbe wa mwaka juzi, wako au wake, na hakibaki kibao cha kusema umefutwa. Skrinshoti na arifa ni zilezile.

*Mwanachama, Tanga tena: Na wale wawili wa kula tu?*
Mmoja alikuwa ameshanukuu na kuuliza "Mimi?" Nukuu hiyo ipo mpaka leo. Alitoa mchango Jumamosi.