Picha ya wasifu: usafishe hadi wapi kabla sura haijawa ya mtu mwingine?

Tuchukue picha moja ya kuombea kazi. Mwanamke wa miaka 34 amepigwa picha kwa simu karibu na dirisha. Ana chunusi mbili kidevuni, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, weusi chini ya macho, na paji la uso linang'aa kwa jasho. Tunatumia Photoshop.

Nifute nini, niache nini?

Jiulize kama alama hiyo itakuwepo wiki mbili zijazo. Chunusi zitakuwa zimepona, kwa hiyo zifute. Kovu litabaki, kwa hiyo liache, pamoja na mwanya na alama za kuzaliwa. Siku ya mahojiano kule Upper Hill, Nairobi, anayekupokea atakutambua kwa vitu hivyo hivyo.

Naanzaje?

Hatua ya 1: Bonyeza `Ctrl+Shift+N` upate tabaka jipya tupu. Chagua `Healing Brush`, kisha kwenye `Sample` weka `Current & Below`. Hivyo picha ya asili haiguswi.

Hatua ya 2: Bonyeza `Ctrl+1` uone picha kwa asilimia 100. Usikuze zaidi ya hapo, maana ukikuza sana kila kitundu cha ngozi kitaonekana kasoro na utafuta kisichohitaji kufutwa. Brashi iwe kubwa kidogo kuliko chunusi. Shika `Alt`, bofya ngozi safi iliyo karibu, kisha pitisha juu ya chunusi. Usichukue ngozi ya puani kuziba kidevu: vitundu vyake ni vikubwa, kiraka kitaonekana.

Hatua ya 3: Weusi wa chini ya macho upe tabaka lake. Upitie wote kwa `Healing Brush`, halafu shusha `Opacity` ya tabaka hadi 40. Pale pana bonde dogo, na kivuli ndicho kinacholionyesha. Ukikiondoa chote, jicho linakaa kama limebandikwa juu ya shavu.

Hatua ya 4: Kwa mng'ao wa paji, fungua tabaka jingine na kwenye paneli ya `Layers` lipe hali ya `Darken`, kisha chukua `Clone Stamp`, weka `Sample` iwe `Current & Below` na `Opacity` 15. Chukua rangi pembeni mwa mng'ao, upitie mara mbili au tatu. Bakisha mng'ao kidogo, la sivyo paji litakuwa bapa kama ubao.

Mbona uso umekuwa kama plastiki?

Umelainishwa kwa ukungu, na vitundu vya ngozi vimepotea. Linganisha shavu na shingo: shingo ikiwa na vitundu na shavu halina, umepitiliza. Angalia pia nyusi na nywele za kwenye paji, maana ndizo huyeyuka mwanzo. Mara nyingi simu yenyewe ndiyo imelainisha wakati wa kupiga, na kilichofutwa hapo hakirudi. Zima kipengele cha urembo kwenye kamera, upige upya.

Nimetoka mweusi kuliko nilivyo. Nijing'arishe?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo inapouma zaidi. Dirisha au ukuta mweupe ukiwa nyuma yako, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso ndio unaoumia. Kwa hiyo, kabla ya hatua ya 1, rudishia mwanga picha nzima: chagua tabaka la picha ya asili, ulinakili kwa `Ctrl+J`, fungua `Camera Raw Filter`, weka `Exposure` +0.50 na `Shadows` +20.

Usiguse `Luminance` ya `Orange`. Rangi ya ngozi, nyeusi au nyeupe, iko hasa kwenye machungwa, kwa hiyo kitelezi hicho huichubua ngozi huku blauzi ya buluu ikibaki ilivyo. Kipimo ni sikio, shingo na mgongo wa mkono. Vikiwa vyeusi na uso umeng'aa, hukurekebisha mwanga, umebadilisha ngozi.

Pua imetoka kubwa. Nitumie `Liquify`?

Hapana. Simu ikiwa umbali wa mkono, kilicho karibu nayo huvimba, na pua ndiyo iko mbele. Mwombe mtu akupige picha kutoka mita 1.5, kisha uikate. `Liquify` inasogeza mfupa wa uso, na mara nyingi hupinda hata fremu ya mlango ulio nyuma.

Na picha ya viza?

Usiiguse. Marekani, kwa mfano, hawataki picha iliyohaririwa kubadilisha sura, na iwe imepigwa ndani ya miezi 6.

Nitajuaje nimefika mwisho?

Kusanya matabaka ya hatua ya 1 hadi ya 4 kwenye kundi moja kwa `Ctrl+G`. Acha kompyuta kwa dakika ishirini. Ukirudi, zima na uwashe alama ya jicho ya kundi hilo. Jicho lako likikimbilia kidevu kilichopona, iko sawa. Ukihisi unaona watu wawili, shusha `Opacity` ya kundi hadi 70, uangalie tena.