Kabla ya kusukuma ufito kwenye reli: maandalizi ya mezani na ya kichwani

Jaribio hili la kuzalisha mkondo wa umeme kwa sumaku ni dogo. Reli mbili za shaba zimelala juu ya ubao mezani, ufito umekatiza juu yake, sumaku ziko chini, na galvanometa imeunganisha reli upande mmoja. Ukisukuma ufito, sindano inacheza. Wanafunzi wengi hukwama pale wanapotakiwa kusema mkondo unaelekea wapi, na mara nyingi kosa limeanza kabla hata hawajagusa kitu.

Anza na ufito wenyewe. Mara ya kwanza nilipoandaa jaribio hili hapa Moshi nilikata kipande cha nondo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Kilinasa juu ya sumaku ya kwanza kikagoma kuteleza, na kipindi kikaisha hivyo. Nondo ni chuma, na chuma huvutwa na sumaku. Tumia shaba, kisha piga msasa ufito na reli mpaka zing'ae, maana ule weusi wa juu huzuia umeme kupita na sindano italala hata kama hesabu zako ni sahihi.

Sumaku za spika mbovu kwa fundi redio zinatosha, ila hazina alama ya ncha. Funga moja kwa uzi ining'inie imesimama kama sahani ukutani, mbali na vyuma, usubiri itulie. Sisi wa Moshi tumebahatika, Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, iko karibu kaskazini kabisa mwa mji: uso wa sumaku unaotazama Kibo ndio ncha ya kaskazini. Uwekee alama ya chokaa. Zipange sumaku zote chini ya ubao wa reli, uso wenye chokaa ukitazama chini, na uzibane vizuri kwa sababu zitasukumana. Hapo uga wa sumaku kati ya reli unashuka kuelekea ubaoni.

Ijue pia galvanometa yako. Chukua betri ya volti 1.5 na rezista ya kiloomu 100, uone mkondo ukiingilia terminali ipi sindano inalala upande gani. Usiiunganishe betri bila rezista, utaunguza galvanometa. Multimita ya dijitali si nzuri hapa: ufito ukipita sentimita 20 kwa sekunde 0.4, namba huenda zisiwahi hata kubadilika.

Kadiria utakachokiona. Volteji inayozalishwa ni E = BLv. Tuseme uga ni tesla 0.05, reli zimeachana mita 0.1, na unasukuma kwa mita 0.5 kwa sekunde: unapata volti 0.0025. Kama ukinzani wa saketi nzima ni omu 100, mkondo ni mikroampea 25. Kwa hiyo usitegemee mkono wako kuhisi ufito ukipinga; kani hiyo ipo, lakini ni ndogo mno. Sindano ndiyo shahidi wako.

Sasa maandalizi ya kichwani, ambayo kwangu ndiyo makubwa. Mwanafizikia Lenz alieleza mwaka 1834 kwamba mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililouzalisha. Neno la kushika ni *badiliko*. Wengi husoma "hupinga uga", wakaandika kwamba mkondo siku zote utatengeneza uga wa kupanda kwa kuwa wa sumaku unashuka. Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Laza reli kutoka magharibi kwenda mashariki, galvanometa ikiwa magharibi. Sukuma ufito kuelekea Himo, yaani mashariki. Eneo la saketi linapanuka, hivyo uga unaoshuka ndani yake unaongezeka. Kupinga ongezeko hilo, mkondo lazima utengeneze uga wa kupanda. Elekeza dole gumba la kulia juu: vidole vinakunja kinyume na mishale ya saa. Ufito uko upande wa mashariki wa saketi, kwa hiyo ndani yake mkondo unakwenda kuelekea Kibo, unarudi kwa reli ya upande wa mlima, na kuingia galvanometa kupitia terminali ya reli hiyo. Hakiki kwa kani: mkondo wa kwenda kaskazini ndani ya uga unaoshuka husukumwa magharibi, yaani ufito unarudishwa ulikotoka. Ungesukumwa mashariki, ungejiongezea mwendo wenyewe na kutoa nishati bila kazi ya mkono wako.

Halafu urudishe ufito magharibi, sumaku zikiwa palepale. Uga bado unashuka, ila sasa unapungua ndani ya saketi. Mkondo utafidia upungufu kwa kutengeneza uga wa kushuka vilevile, kufuata mishale ya saa, na sindano italala upande wa pili.

Andika utabiri wa safari zote mbili kabla ya kusukuma. Sindano ikienda kinyume na ulichoandika katika zote mbili, rudia alama ya chokaa na terminali. Ikikubali safari ya kwanza na kukataa ya pili, rudi kwenye neno badiliko.