Kurudisha picha ya zamani iliyopauka na kukunjika: iskani mara mbili kabla ya kugusa brashi

Picha nyingi za rangi ninazoletewa hapa Mtwara ni za miaka ya 1970 na 1980, zimekaa kwenye sanduku la bati au zimeviringishwa kwenye nailoni. Zikitoka humo huwa nyekundu kote na zina mkunjo unaokatiza uso wa mtu. Katika mwongozo huu nitafuata picha moja kama hiyo mwanzo hadi mwisho. Ina sentimita 9 kwa 13, na ndani yake bibi wa Kimakonde ameketi nje ya nyumba yake Newala. Ana ndonya mdomoni na chale mashavuni, na karibu na miguu yake kuna sufuria ya alumini. Mkunjo unaanzia kona ya juu kushoto, unapita kwenye kilemba, unashuka juu ya shavu na kuishia kwenye nguo.

Mjukuu wake aliponikabidhi aliniambia: "Fundi, hizi za mashavuni usizifute. Ndiyo bibi mwenyewe."

Hapo ndipo kazi ilipo. Chale ni mistari myembamba ya giza kwenye ngozi, na nyufa za karatasi nazo ni mistari myembamba. Brashi ya kurekebisha haijui tofauti, na mtu mwenye haraka anaweza kumsafisha bibi hadi akawa mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, tafuta njia ya kujua kipi ni cha karatasi na kipi ni cha picha. Skana yenyewe inaweza kukuonyesha.

Hatua ya 1: Andaa picha na skana

Futa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Picha yenyewe ipulizie vumbi kwa pampu ndogo ya mpira au ipitishie brashi laini kavu, basi. Usiipige pasi ili kunyoosha mkunjo na usiifute kwa maji. Tabaka la juu linaloshika taswira ni jelatini. Likilowa huvimba na kunata, na kwenye mkunjo tayari limepasuka, kwa hiyo kipande kidogo kikinasa kwenye kitambaa kimeondoka moja kwa moja.

Kama skana yako ni ile nyembamba inayotumia umeme wa waya wa USB, fahamu kwamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Mkunjo ulioinuka hutoka na ukungu pembeni yake. Ukiuona ukungu huo, weka kitabu kizito kiasi juu ya mfuniko na uskani upya. Usikandamize kwa mkono.

Hatua ya 2: Iskani mara mbili

Weka 600 dpi, rangi ya biti 48 (yaani biti 16 kwa kila chaneli), na faili la TIFF. Zima kila kitu ambacho programu ya skana inataka kukufanyia: kurekebisha rangi, kuondoa vumbi, kunoa. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa takribani pikseli 2,100 kwa 3,100, zinazotosha kuchapa upya kwa ukubwa maradufu.

Ukipeleka picha kuskaniwa kwenye duka la vifaa vya ofisi, yataje maelezo hayo kabla hawajaanza. Mazoea ya maduka mengi ni kukutolea PDF ya 200 dpi, kama cheti cha kuzaliwa.

Skani ya kwanza ikiisha, geuza picha nyuzi 180, kichwa kiwe palipokuwa miguu, kisha skani tena bila kubadilisha mpangilio wowote. Taa ya skana nyingi humulika kwa mshazari kutoka upande mmoja. Mkunjo ulioinuka hupata mwanga upande huu na kivuli upande ule, na ukigeuza picha, mwanga na kivuli hubadilishana nafasi. Chale hazibadiliki, kwa sababu kivuli chake kilitokana na jua la Newala siku ile na kimeshachapwa kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Zilinganishe skani mbili

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure na toleo la 2.10 na yaliyofuata hushika biti 16 bila shida. Fungua skani ya kwanza, kisha ingiza ya pili kwa `File > Open as Layers`. Leya ya pili igeuze kwa `Layer > Transform > Rotate 180°`.

Sasa kwenye paneli ya leya badilisha `Mode` iwe `Difference`. Kila mahali leya mbili zinapofanana patakuwa peusi. Mwanzoni utaona mistari ming'avu kuzunguka kila kitu, maana hazijakaa sawa. Chukua zana ya kusogeza na ubonyeze vishale vya kibodi, pikseli moja moja, mpaka uso wa bibi uwe mweusi kabisa. Ikiwa upande mmoja unatulia na mwingine unakataa, leya imepinda kidogo, kwa hiyo izungushe sehemu ya kumi ya nyuzi na ujaribu tena. Skana za kawaida huvuta picha kidogo, hivyo pengine hutaweza kulinganisha kona zote. Linganisha eneo la uso na mkunjo, kwingine kuna nafuu.

Likikaa sawa, tazama. Mkunjo unang'aa juu ya giza kama mstari mrefu, na chembechembe za karatasi yenye mikwaruzo ya hariri, iliyopendwa sana na studio enzi hizo, nazo zinaonekana. Chale zimepotea kwenye weusi. Kwa hiyo ulichokiona kinang'aa ni cha karatasi. Piga nakala ya skrini uihifadhi pembeni, itakuongoza baadaye.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mahali ambapo jelatini imebanduka na kuacha weupe wa karatasi, weupe huo uko kwenye skani zote mbili, kwa hiyo nao utakuwa mweusi hapa. Huo utautambua kwa njia nyingine: hauna rangi, na haukomi kwenye ukingo wa uso. Unaendelea moja kwa moja hadi kwenye kilemba na ukutani, wakati chale hukaa ndani ya ngozi na kufuata mviringo wa shavu.

Rudisha `Mode` iwe `Normal` na ushushe `Opacity` ya leya ya juu hadi 50. Mwanga wa upande mmoja unafunika kivuli cha upande mwingine, na sehemu kubwa ya mkunjo inalainika bila kuguswa na brashi. Kisha `Layer > New from Visible` ikupe leya moja ya kufanyia kazi. Zile mbili za chini ziache zilivyo.

Hatua ya 4: Rangi kwanza, mkunjo baadaye

Wengine huanza na mkunjo. Mimi naanza na rangi, kwa sababu kiraka kisichoonekana kwenye picha iliyopauka hujitokeza mara tu unapoongeza ukolevu, na utalazimika kukirudia.

Wekundu una chanzo chake. Picha ya rangi ya aina hii ina tabaka tatu: samawati, magenta na njano. Kwenye karatasi nyingi za miaka hiyo tabaka la samawati ndilo lililofifia zaidi hata gizani, na joto na unyevu kama wa huku pwani huharakisha. Samawati ndiyo inayozuia nyekundu. Ikiondoka, nyekundu inabaki bila kizuizi.

Fungua `Colors > Levels` na uchague chaneli moja moja. Kwa picha ya biti 16, GIMP huonyesha mizani ya 0 hadi 100. Kwa bibi wetu, vilima vya histogramu, ile grafu ya mwanga iliyo juu ya pembetatu, vilikaa hivi: nyekundu kutoka 44 hadi 94, kijani kutoka 14 hadi 84, buluu kutoka 22 hadi 76. Yaani hata kivuli kizito kabisa kina karibu nusu ya wekundu wote. Kwa kila chaneli sogeza pembetatu nyeusi hadi kilima kinapoanzia na nyeupe hadi kinapoishia, lakini acha nafasi ndogo, kwa mfano 42 badala ya 44, ili vivuli visizibe. Hapa ndipo biti 16 zinapolipa: unanyoosha nusu ya mizani ijaze mizani nzima, na kwa biti 8 ungeona ngazi ngazi kwenye ngozi na angani.

Usibonyeze kitufe cha kurekebisha chenyewe. Hunyoosha kila chaneli mwisho hadi mwisho bila kujua kipi kwenye picha kina rangi yake halisi, na mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde unaweza kuwa majivu.

Badala yake tafuta kitu unachojua hakina rangi. Hapa ni sufuria ya alumini. Ipime kwa zana ya kuchukua rangi, ukiwasha `Sample average` ili isome wastani wa eneo dogo. Kama namba ya R bado iko juu ya G na B, rudi `Levels`, chaneli ya nyekundu, usogeze pembetatu ya kati kulia. Kwangu ilitulia kwenye 0.85. Sufuria ikishakuwa ya kijivu, ngozi na nguo hufuata zenyewe kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 5: Mkunjo uliobaki

Nakili leya, kisha fanya kazi kwa ukuzaji wa asilimia 100 au 200 huku ile nakala ya skrini ikiwa wazi pembeni. Kwenye ukuta, nguo na ngozi tulivu tumia `Heal`. Brashi iwe pana kidogo tu kuliko ufa, yenye kingo laini. Shika Ctrl na ubofye mahali pazuri karibu na ufa, kisha donoa ukikatiza ufa. Usiburute kwa kuufuata, maana mstari mrefu wa brashi huacha alama inayojirudia ambayo jicho huiona mara moja.

Mkunjo unapokatiza ukingo, kama kilemba kinapokutana na paji la uso, `Heal` huchanganya rangi za pande mbili na kuacha doa la ukungu. Hapo hamia `Clone`, na chanzo chako kichukue kwenye ukingo huohuo, juu au chini kidogo ya ufa.

Kwenye shavu, mkunjo ulikatiza chale mbili. Kila chale ilikuwa na kipande upande huu na upande ule wa ufa, kwa hiyo niliziunganisha kwa `Clone` kwa kufuata mwelekeo wake, brashi ya pikseli chache. Chale ya tatu ilibanduliwa mwisho wake wote. Sikuichora. Nililaza rangi ya ngozi juu ya weupe na kuishia hapo, kisha nikamweleza mjukuu. Akakumbuka kwamba shangazi yake aliyeko Masasi ana nakala nyingine ya picha hiyohiyo. Nakala kama hiyo, hata ikiwa imepauka zaidi, inaweza kukupa kipande cha kweli cha kupandikiza, kwa hiyo uliza kabla ya kubuni.

Hatua ya 6: Hifadhi

Hifadhi XCF, faili la GIMP lenyewe, yenye leya zote, na TIFF mbili za skani ambazo hazijaguswa. Ya kuchapa itoe TIFF au JPEG ya ubora wa juu. Kwa 300 dpi utapata sentimita 18 kwa 26. Ya WhatsApp itoe peke yake, na mwambie mteja asiipeleke hiyo kuchapwa, kwa sababu WhatsApp huibana na chale ndizo za kwanza kupotea.