Somo: Nambari ya simu inayopigika kutoka popote, kwenye kadi na chini ya barua pepe

Tuchukue kadi ya kijana anayetembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Nambari zake zimekaa hivi, nami nimeziba tarakimu kwa x ili asije mtu akapigiwa simu usiku:

```
Simu: 0777-xxx xxx/0655 xxx xxx, +255 (0) 24 xxx xxxx
```

Kwa mtu wa Mwanakwerekwe kadi hii haina neno. Mpe mgeni aliyetoka Milano, na hakuna hata nambari moja kati ya hizo tatu atakayoipata kwa urahisi akisharudi kwao. Tuitengeneze.

Hatua ya 1: sifuri itoke, +255 iingie

Sifuri ya mbele ni ya kupigiana ndani ya nchi. Ukishaandika +255, kazi yake imekwisha na lazima iondoke. Kuhakikisha, hesabu tarakimu zinazofuata 255: ziwe tisa, simu iwe ya mkononi au ya mezani. Zikiwa kumi, sifuri imebaki ndani. Zikiwa nane, umeangusha tarakimu njiani.

Mabano ya (0) ndiyo yanayonikera zaidi, maana mwenye kadi huyaweka akidhani anamsaidia kila mtu kwa mpigo mmoja. Simu ikisoma +255 (0) 24, inatupa mabano na kuiacha sifuri, inabaki +255024, na nambari hiyo haifiki popote. Mgeni anayeandika kwa mkono naye hukwama, khasa Mtaliano, na sisi huku Kiwengwa na Nungwi tunao wengi. Kwao sifuri ya simu ya mezani haiondolewi hata ukipiga kutoka nje: Roma ni +39 06. Akiiona sifuri yako, ataipiga tu. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, unaoitwa E.123, unaohusu jinsi ya kuandika nambari za simu, nao unakataza mabano kwenye nambari ya kimataifa.

Wapo wanaosema, "Mgeni ananipigia akiwa hapa hapa Forodhani, 0777 inatosha." Kwa simu ya kawaida, sawa, kwa sababu wakati huo yuko kwenye mtandao wa Tanzania. Lakini wengi wanataka WhatsApp, na WhatsApp ikikuta nambari isiyo na msimbo wa nchi huichukulia kuwa ya nchi ya mwenye simu. Mtaliano akihifadhi 0777, itatafutwa Italia hata kama yeye anakula urojo mbele yako.

Hatua ya 2: panga kwa nafasi, kila nambari na mstari wake

```
+255 777 xxx xxx   (WhatsApp)
+255 655 xxx xxx
+255 24 xxx xxxx   (ofisi)
```

Tenga kwa nafasi tu. Mkwaju, yaani alama ya /, uutoe kabisa, kwani simu inayotambua nambari yenyewe inaweza kuziunganisha mbili ikapata mkufu wa tarakimu ishirini, na nambari ya simu duniani haizidi tarakimu 15 pamoja na msimbo wa nchi. Usiruhusu nambari ikatike nusu juu nusu chini.

Hatua ya 3: saini ya barua pepe

Hapa nambari ina sura mbili: ile inayosomwa na macho, yenye nafasi, na ile inayopigwa na simu, isiyo na nafasi. Zikiandikwa kwa HTML zinakuwa hivi:

```
<a href="tel:+255777xxxxxx">+255 777 xxx xxx</a>
```

Kwenye Gmail huna haja ya kuandika msimbo wowote. Fungua mipangilio kwenye kompyuta, nenda sehemu ya saini, andika nambari yenye nafasi, iteue, bonyeza Ctrl+K, kisha kwenye anwani ya kiungo weka `tel:+255777xxxxxx`. Ukishahifadhi, irudie kuiangalia. Ukikuta imeongezewa `http://` mbele, ifute, la sivyo atakayeigusa atapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo.

Jaribio lake ni rahisi: jitumie barua, ifungue kwenye simu, gusa nambari. Kidude cha kupigia kifunguke kikiwa tayari kimejazwa +255 na tarakimu tisa. Kama hakuna kinachotokea, mara nyingi saini yako ni picha aliyokutengenezea fundi wa matangazo. Inapendeza, ila ndani yake hamna nambari, mna rangi tu. Mwambie akupe nembo kama picha, maandishi uyaandike mwenyewe.

Hatua ya 4: kadi

Karatasi haiguswi ikapiga, kwa hiyo kazi hiyo mpe msimbo wa QR. Ndani yake unaweza kuweka `tel:` na nambari peke yake, au mawasiliano kamili ambayo mgeni atayahifadhi moja kwa moja:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:;Ziara za Viungo;;;
FN:Ziara za Viungo
TEL;TYPE=CELL:+255777xxxxxx
END:VCARD
```

Kadiri unavyojaza maneno ndivyo vidoti vinavyozidi kuwa vidogo, basi anwani ndefu na kauli mbiu ziache nje. Upana wa sentimita mbili unatosha kwa maneno machache kama haya. Vidoti viwe vyeusi juu ya nyeupe, na pembeni pabaki ukingo mweupe mtupu. Skani kwenye skrini kabla hujachapisha, kisha skani tena kadi ya kwanza itokayo mashineni.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete:* Assalamu alaykum maalim. Nikiandika +255, mteja wangu wa hapa hapa Pemba si atakatwa pesa za kimataifa?

Waalaykum salaam. Hapana dada. Mtandao ukiona +255 unajua ni simu ya ndani, na bei ni ile ile ya 07.

*Kutoka Paje:* Mimi nimeandika 00255 badala ya +. Kuna ubaya?

Upo. Hizo 00 ni mlango wa kutokea wa nchi nyingi, Ulaya zikiwemo, lakini si wa wote. Marekani wanapiga 011, na hapa kwetu Tanzania ni 000. Alama ya + inaiachia simu yenyewe ichague mlango wa nchi iliyomo.

*Kutoka Darajani:* Kaka, nimeweka kiungo cha WhatsApp kwenye saini, kinasema kiungo si sahihi. Nimekifuata sawasawa: `https://wa.me/+2550777xxxxxx`.

Makosa mawili, kaka. Sifuri imebaki, na kiungo hiki tofauti na `tel:` hakitaki + wala nafasi wala kistari. Kiwe hivi:

```
https://wa.me/255777xxxxxx
```

*Kutoka Chake Chake:* Fundi amenipa kadi ya PDF ya kuwatumia watu, lakini nambari hainakiliki wala haiguswi.

Hiyo ni nakala ya kiwandani. Mafundi hugeuza herufi kuwa michoro ili mashine ya kuchapia isibadilishe fonti, na kwa uchapaji yuko sawa. Mwombe nakala ya pili, herufi zibaki herufi, na nambari iwekewe kiungo cha `tel:`. Akikupa JPG, mrudishie, maana picha haibebi kiungo.