SOMO: Mkataba wa kuuziana kiwanja chenye hati, na namna ya kugawa malipo

Wakuu, somo hili ni la Tanzania Bara: kiwanja kilichopimwa, chenye hati, kinachouzwa na mtu binafsi kwa mtu binafsi bila mkopo wa benki. Mashamba ya vijijini na ardhi ya Zanzibar yana taratibu zake, sitayachanganya hapa.

Mikataba mingi ninayoletewa ni ya ukurasa mmoja: fulani amemuuzia fulani kiwanja, amepokea hela yote, mashahidi hawa hapa. Karatasi hiyo si bure, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi na yasainiwe. Tatizo ni kwamba kati ya siku mnayosaini na siku jina lako linapoandikwa kwa Msajili wa Hati hupita wiki kadhaa, pengine miezi. Hela imeshatoka, hati bado inasoma jina la muuzaji. Wengi hulizwa katika kipindi hicho, na hicho ndicho mkataba unatakiwa kukilinda.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Kiwanja kiko Kibaha, ukubwa mita za mraba 600, bei shilingi 30,000,000. Muuzaji alikinunua mwaka 2016 kwa shilingi 12,000,000.

Hatua ya 1: Upekuzi kabla ya kushika kalamu

Omba nakala ya hati, kisha peleka maombi ya upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati na ulipie ada. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna rehani au zuio. Nenda mwenyewe au tuma wakili wako. Majibu ya upekuzi aliyokuja nayo muuzaji au dalali kwenye bahasha usiyahesabu, maana ni karatasi kama karatasi nyingine.

Upekuzi husema kilichoandikwa daftarini tu. Hausemi kama kuna mtu amejenga banda nyuma ya kiwanja, wala kama ndugu wanagombana. Kwa hiyo nenda pia ukawaulize majirani wa pande zote. Mjumbe wa mtaa naye huwa anajua mengi.

Hatua ya 2: Nani anauza

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye hati na kwenye kitambulisho cha NIDA. Yakitofautiana hata kwa jina la katikati, muuzaji aape kiapo cha majina kabla hamjaendelea, la sivyo fomu zitarudishwa.

Kisha mwenza. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, na Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi naye afanye uchunguzi wa kutosha kama ridhaa ipo. Huwezi kujitetea kwamba hukujua ikiwa hata hukuuliza. Mwenza asaini ndani ya mkataba wenyewe na aambatanishe ridhaa yake. Muuzaji akisema hana mwenza, aape kiapo mbele ya wakili. Mwenye wake wawili, chukua saini za wote wawili hata kama hati ina jina la mume peke yake.

Hatua ya 3: Maelezo ya kiwanja

Andika namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, halmashauri, namba ya hati, namba ya L.O., namba ya ramani ya upimaji na ukubwa kwa mita za mraba. Vyote vipo kwenye hati na ramani yake. Halafu mlipe mpima mwenye leseni aende akaonyeshe bikoni. Kwenye ramani kila bikoni ina namba yake, na namba hizo ziingie kwenye mkataba. Nimeona mtu ameonyeshwa kiwanja cha kona kizuri, hati ikawa ya kiwanja cha tatu kutoka hapo, chenye korongo katikati. Mkataba haukuwa na kosa hata moja. Ulikuwa tu wa kiwanja kingine.

Kuhusu "hatua 20 kwa 20" zinazotajwa mitaani: hatua ya mtu mfupi ni kama sentimita 75, ya mrefu inafika 90. Eneo hilohilo linakuwa mita za mraba 225 kwa mmoja na 324 kwa mwingine. Kwenye mkataba wa kiwanja kilichopimwa hatua hazina nafasi.

Hatua ya 4: Bei na nani analipa nini

Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na iwe bei ya kweli. Muuzaji atakuomba muandike milioni 15 ili kodi ipungue. Kataa. Wakati wa kuhamisha hati kiwanja huthaminiwa, hivyo bei ya uongo mara nyingi haimsaidii kitu. Wewe ndiye utakayeumia: mauzo yakivunjika utadai kurudishiwa milioni 15 zilizoandikwa, na zile nyingine utajua mwenyewe pa kuzitafuta.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Kwa mfano wetu faida ni milioni 18, hivyo kodi ni 1,800,000, itapungua akiwa na risiti za gharama alizotumia kuendeleza kiwanja. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Hapa ni kama 300,000. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ni ya muuzaji. Yote haya yaandikwe kwa majina ya wanaolipa. Mkataba ukinyamaza, kila mmoja atamsubiri mwenzake na faili litalala.

Hatua ya 5: Malipo kwa awamu

Hapa ndipo pa kutulia. Awamu zisifungwe na tarehe peke yake, zifungwe na jambo lililokwisha kufanyika. Ukiandika "atamalizia baada ya miezi mitatu", miezi mitatu itafika, utalipa, na hati haijasogea hata hatua moja.

Kwa milioni 30 zetu ningegawa hivi. Siku ya kusaini mnunuzi analipa milioni 9. Siku hiyohiyo muuzaji anakabidhi kwa wakili hati halisi, pamoja na fomu zote za uhamisho zikiwa zimesainiwa na yeye na mwenza wake. Wakili anatoa hati ya mapokezi yenye masharti: hamkabidhi mnunuzi bila malipo yanayofuata, na hamrudishii muuzaji bila mnunuzi kukubali kwa maandishi. Kesho yake mnunuzi anaweka zuio kwa Msajili, ili uhamisho mwingine usipite kimyakimya.

Awamu ya pili, milioni 15, inalipwa baada ya uthamini kukamilika na makadirio ya kodi kutoka. Kati ya hizo, 1,800,000 mnunuzi anazilipa moja kwa moja kwa TRA kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la muuzaji, na 13,200,000 ndizo zinazoingia benki kwake. Wauzaji wengi hukwama hapa kwa sababu hela ya kwanza wameshaitumia na ya kodi hawana, na kodi isipolipwa uhamisho hausajiliwi.

Milioni 6 zinabaki hadi hati isome jina la mnunuzi, na zinalipwa ndani ya siku saba baada ya hapo. Muuzaji akiona hilo linamwonea, hizo milioni 6 ziwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili ili ajue zipo. Malipo yote yapitie benki, na maelezo ya muamala yataje namba ya kiwanja.

Hatua ya 6: Uhakikisho wa muuzaji

Kipengele kinaweza kusomeka hivi:

"Muuzaji anamhakikishia Mnunuzi kwamba yeye ndiye mmiliki pekee wa kiwanja, kwamba hakijawekwa rehani, hakina mgogoro wala shauri mahakamani au katika baraza lolote, kwamba hajamuuzia wala kumwahidi mtu mwingine, na kwamba hana notisi yoyote ya Serikali kuhusu kiwanja hicho. Uhakikisho wowote ukibainika si kweli, Muuzaji atamrudishia Mnunuzi fedha zote alizopokea, gharama za uhamisho na thamani ya maendelezo yaliyofanywa, ndani ya siku 30."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiacha. Bila hiyo mtaanza kubishana unarudishiwa nini. Hata hivyo, uhakikisho una nguvu kulingana na mfuko wa aliyeutoa. Tapeli atasaini uhakikisho wa kurasa kumi bila mkono kutetemeka. Ndiyo maana upekuzi unatangulia na milioni 6 zinabaki nyuma.

Hatua ya 7: Kusaini

Kila ukurasa usainiwe, mbele ya wakili, kila upande na shahidi wake. Kisha mkataba ulipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Mkuu, mwenyekiti wa mtaa anasema bila asilimia 10 yake mauziano ni batili. Kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Sheria ya Ardhi haina kifungu kinachompa asilimia hiyo. Anaweza kuwa shahidi kwamba anamfahamu muuzaji, hilo lina faida, ila muhuri wake hauhamishi hati. Ikiwa ni ardhi ya kijiji ni habari nyingine, huko halmashauri ya kijiji inahusika kisheria.

Swali (Tanga): Shikamoo kaka. Wauzaji ni watoto wa marehemu, wako watano na wote wamekubali kusaini. Inatosha?

Jibu: Marahaba dada. Haitoshi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua yake ya usimamizi (ya Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. 4), ithibitishe palepale mahakamani, na kwanza asajiliwe kwenye hati kama msimamizi. Saini za warithi watano chukua pia kama ridhaa, zitapunguza kelele baadaye.

Swali (Muscat): Mimi Mtanzania niko Oman, mdogo wangu ndiye atakayeninunulia. Aandikwe yeye kisha anihamishie?

Jibu: Usifanye hivyo. Akiandikwa yeye, kiwanja ni chake mbele ya sheria, na akioa au akifariki utaanza kesi na watu usiowajua. Mpe nguvu ya uwakili, isajiliwe, na mkataba useme mnunuzi ni wewe, yeye anasaini kwa niaba yako. Hela itume kwa akaunti ya muuzaji moja kwa moja.

Swali (Dodoma): Mimi ndiye muuzaji. Mnunuzi amelipa awamu ya kwanza akapotea. Naweza kula hela yake na kuuza kwa mwingine?

Jibu: Angalia mkataba wako unasemaje kuhusu kushindwa kulipa. Kwanza mpe notisi ya maandishi yenye muda, tuseme siku 30. Akikaa kimya, vunja mkataba kwa barua nyingine. Hata kama mkataba unasema anapoteza zote, mahakama hutoa fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kilichotajwa, kwa hiyo usiihesabu awamu hiyo yote kuwa yako. Na kama aliweka zuio, liondolewe kwanza, vinginevyo mnunuzi mpya hatavuka kwa Msajili.